Mwanangu ana usonji, tunasafiri kwenda Dubai: nimuombee kiti cha magurudumu?

Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na ana usonji. Anasema maneno machache, na sauti kali zinamtesa, kwa hiyo karibu siku nzima anavaa zile hedifoni za kuziba masikio. Mwaka jana tulikuwa na safari ya ndani kwa ndege. Kwenye ukaguzi askari akamvua hedifoni kwa mkono wake. Mtoto akajitupa chini, akapiga kelele, akawa anajigonga kichwa. Watu wakasema hana adabu, mmoja akasema kapandwa na kitu. Ndege ikatuacha. Sasa baba yake anatuita Dubai mwezi wa Disemba: mimi, yeye na mdogo wake wa miaka 4. Wakala wa tiketi ananiambia nimuombee kiti cha magurudumu ndio tutapita haraka. Jirani ananiambia nimpe dawa ya mafua alale. Yote mawili moyo wangu unayakataa. Nifanye nini, na watu wa uwanjani niwaambie nini?

Mama wa Jang'ombe

Marahaba mwanangu. Moyo wako umekwambia kweli, kwa kiti na kwa dawa. Nimekaa kaunta ya abiria miaka kumi na moja kabla sijaiacha kazi hiyo, na mtoto wa kaka yangu ana usonji. Nimeshasafiri naye mara nne. Kwa hiyo nitakwambia nilichokiona nikiwa upande wa ndani wa kaunta, na nilichokiona nikiwa kwenye foleni nimemshika mtoto mkono.

Ukiombewa kiti cha magurudumu, kwenye taarifa za tiketi huandikwa `WCHR`. Maana yake ni kwamba abiria anaweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, lakini masafa ya uwanjani yanamshinda. Anayeisoma anajiandaa kusukuma kiti, basi. Hajui hofu ya mwanao wala sauti zinazomuumiza, na hatajua kwamba akishtuka anaweza kukimbia. Siku hiyo utakuwa na mtoto mwenye miguu yake mizima anayekataa kukaa kwenye kiti, na mfanyakazi aliyesimama na kiti kitupu asijue afanye nini. Wakati huohuo kuna bibi mwenye magoti mabovu amekaa anasubiri kiti hicho hicho.

Alama inayomhusu mwanao ni `DPNA`. Mashirika ya ndege duniani huitumia kwa abiria mwenye ulemavu wa akili au wa makuzi anayehitaji kusaidiwa. Nawajua wazazi walioikataa kwa sababu ya neno "akili". Najua linavyouma, kwa sababu huku kwetu neno hilo hutumiwa vibaya. Lakini hiyo ni alama ya kazini, haichapishwi usoni mwa mtoto, na ndiyo inayomfanya mfanyakazi ajue kabla hujafika kwamba anakuja mtoto ambaye inabidi azungumzishwe kwa namna nyingine. Mwambie wakala: "Naomba umuwekee `DPNA`, na uongeze maelezo." Maelezo yaandikwe kwa Kiingereza kifupi ili yasomeke hapa na Dubai, yakisema kwamba ana usonji, hasemi sana, sauti kali zinamuumiza, asishikwe bila mama yake, na kwamba mama anasafiri naye pamoja na mtoto mwengine mdogo.

Halafu usiondoke pale kwa kuambiwa "nishaweka". Muombe akugeuzie skrini au akuchapishie. Utaona mstari unaofanana na huu:

```
SSR DPNA XX HK1
```

Pale kwenye `XX` zitakuwepo herufi mbili za shirika lako. Zinazokuhusu wewe ni zile zinazofuata. `HK` maana yake ombi limekubaliwa na limekaa. Ukiona `NN` au `HN`, limeombwa tu na shirika halijajibu, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. `UC` maana yake limekataliwa. Hiyo `1` ni idadi ya abiria. Mashirika mengi yanataka ombi liwafikie angalau saa 48 kabla ya safari. Wewe omba siku ile ile unayokata tiketi, kisha zikibaki siku tatu piga simu kwenye shirika lenyewe, uwatajie namba ya tiketi na uwaulize kama bado wanaiona.

Nina sababu ya kukusisitizia simu hiyo. Safari yetu ya pili na mtoto wa kaka yangu tulisogeza tarehe kwa siku nne. Tiketi ikatolewa upya, tukalipa tofauti, nikaona mambo yamekwisha. Tulipofika kaunta yule binti akatazama, akatazama tena, akaniambia, "Mama, hapa hakuna kitu." Tiketi ilipotolewa upya ile alama haikuhamia, na mimi niliyefanya kazi hiyo miaka kumi na moja nilisahau kuuliza. Tulisimama foleni ya kawaida dakika arubaini, na nusu ya muda huo alikuwa anajing'ata mkono. Kwa hiyo tarehe ikibadilika, au shirika likibadilisha saa ya ndege, uliza upya. Tiketi mbili mbalimbali nazo hazisomani. Anayetoka Pemba kwa ndege ndogo kwa tiketi yake, kisha akapanda ya kimataifa kwa tiketi nyengine, lazima aombe pote pawili.

Sasa nije kwenye njia yenye utulivu, maana ndiyo unayoitafuta. Usitegemee kukuta mlango ulioandikwa hivyo. Njia hiyo hupangwa na watu. Ni mfanyakazi anayekupokea, anakupitisha kwenye laini wanayopita wahudumu wa ndege au wenye viti vya magurudumu, anazungumza na askari kabla hamjafika kwake, na anajua pembe gani ya ukumbi haina spika juu. Jambo ambalo abiria wengi hawalijui ni kwamba mtu unayemkuta kaunta mara nyingi si mwajiriwa wa shirika lililokuuzia tiketi. Ni wa kampuni inayohudumia ndege pale uwanjani. Ombi lako linaweza kuwa limekaa vizuri kwenye kompyuta ya shirika, na wao wakaliona asubuhi ya safari wakiwa na abiria mia na nusu mbele yao.

Kwa hiyo siku mbili au tatu kabla, nenda mwenyewe pale uwanja wa ndege wa Kisauni, Jengo la Tatu la Abiria, saa ambayo hakuna ndege kubwa inayoondoka. Muulizie msimamizi wa zamu wa kampuni inayohudumia ndege yako. Uende na nakala ya ule mstari wa `HK`, pamoja na barua ya ukurasa mmoja ya daktari anayemwona mtoto. Usimweleze historia yote ya maradhi. Muombe mambo matatu: mtu wa kutupokea na kutupitisha njia isiyo na msongamano, askari waambiwe mapema, na tuitwe mwisho kabisa kuingia kwenye ndege. Mkubaliane mlango, saa, na jina la atakayekuwa zamu siku hiyo, kisha liandike. Mtu akishakuona uso wako na kukwambia "njoo saa fulani, nitakuwepo", hiyo ina nguvu kuliko alama yoyote ya kompyuta. Ukiweza, mchukue na mtoto, atazame jengo kwa nje na milango inavyojifungua. Piga picha za nje umuoneshe nyumbani, lakini usipige picha za ukaguzi wala za uhamiaji, utajitafutia matatizo.

Ukaguzi wenyewe haukwepeki, na usiombe usamehewe. Askari hawezi kumpitisha mtu bila kumkagua, na ukiomba hivyo atakutilia shaka. Unachoweza kuomba ni namna na mpangilio. Na kwenye viwanja vyetu mtakaguliwa mara mbili, mlangoni na tena mkishapita uhamiaji, kwa hiyo mtoto azoee vyote viwili.

Anza na nguo. Mlango ule wa ukaguzi hulia kwa sababu ya chuma, na ukishalia ndipo mikono ya askari inapoanza kumpapasa mtoto. Mvishe suruali ya mpira kiunoni, isiyo na zipu, mkanda wala vifungo vya chuma, na viatu vya kuchomeka asivyopata tabu kuvivua. Saa, ufunguo, sarafu, vyote viwe ndani ya begi kabla hamjatoka nyumbani. Mlango usipolia, mara nyingi hatoguswa kabisa.

Hedifoni lazima zivuliwe, maana nyingi zina waya wa chuma na zinatakiwa zipite kwenye mashine peke yake. Kosa la mwaka jana lilikuwa mkono wa mgeni, na kwamba mtoto hakujua zitarudi lini. Fanya hivi. Begi zote zitangulie kwenye mkanda wa mashine, hedifoni bado ziko masikioni. Wewe simama nyuma yake. Muombe yule mfanyakazi anayewapitisha apite kwanza na mdogo mtu, asimame ng'ambo. Sasa mwambie mwanao avue mwenyewe, aziweke mwenyewe kwenye trei, apeleke viganja masikioni, na apite. Mfanyakazi anazipokea zikitoka na kumpa mkononi papo hapo. Kipindi chote alichokaa bila hedifoni ni kama kuhesabu mpaka ishirini.

Hilo lifanyieni mazoezi nyumbani wiki mbili kabla, kila jioni. Sisi tuliweka sinia juu ya meza ndefu, tukafunika sehemu ya meza kwa leso ikawa ndiyo mashine, na mlango wa chumbani ukawa mlango wa ukaguzi. Dada mtu alisimama upande wa pili akivuta sinia. Siku ya kwanza mtoto aliziacha hedifoni kwenye sinia akazikamata tena papo hapo. Siku ya sita alikaa anatazama zinavyoingia chini ya leso. Siku ya tisa akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na akifika kumi na nane anainua mkono kuzidai. Uwanjani alihesabu vile vile, na yule askari, Mungu ambariki, alimsubiri afike ishirini ndipo akampa.

Kuhusu maneno ya kuwaambia, usitegemee mdomo wako siku hiyo. Utakuwa na watoto wawili, pasipoti tatu na moyo unadunda. Andika kadi ya ukubwa wa bahasha ndogo, upande mmoja Kiswahili na wa pili Kiingereza, kwa herufi kubwa. Ya kwetu ilisema hivi:

"Mtoto huyu ana usonji. Anasikia lakini huenda asikujibu wala asikutazame. Tafadhali zungumza na mimi. Yuko tayari kukaguliwa. Usimshike; nioneshe mimi unachotaka, nami nitamuonesha. Akipiga kelele, tupe dakika chache na punguza watu."

Sentensi ya "yuko tayari kukaguliwa" niliiongeza baada ya safari ya kwanza. Kabla ya hapo kila askari niliyempa kadi alifikiri naomba mtoto aachwe apite, na uso wake ulikuwa unabadilika. Nilipoiandika, walianza kuniuliza wanisaidie vipi. Mpe kadi mtu kabla hajaanza kazi na wewe, si baada ya mtoto kuanza kulia. Na uhamiaji vile vile, kwa sababu ofisa anataka kulinganisha uso na pasipoti na mwanao atainamisha kichwa. Mwambie tu, "Afande, naomba nimuinue kidogo."

Kuna pia utepe wa kijani wenye maua ya alizeti unaovaliwa shingoni na wenye ulemavu usioonekana. Ulianza uwanja wa Gatwick, Uingereza, mwaka 2016, na Dubai wanautambua, kwa hiyo ukifika kule muulize mfanyakazi wa kwanza utakayemkuta akuelekeze unapopatikana. Utepe wenyewe haukuvushi foleni. Unamwambia mfanyakazi aliyefundishwa kwamba huyu anahitaji muda zaidi, basi. Hapa kwetu usiuegemee, kadi ya Kiswahili itakufaa zaidi.

Kwenye kungoja, wengi watakwambia muingie ndegeni mwanzo. Kwa watoto wetu mimi sikubaliani. Ukiingia mwanzo atakaa nusu saa ndani ya ndege iliyosimama, watu wanampita wakigongesha mabegi, matangazo juu ya kichwa, na bado hamjaruka. Wewe fanya uandikishaji kwa mtandao ukiruhusiwa, mfike kaunta zinapofunguliwa kabla foleni haijakua, halafu kaeni mbali na lango mpaka mtu wenu awaite mwisho. Omba viti vya safu ya mbele mbele, yeye dirishani, wewe katikati. Usikae pasipo na safu mbele yako, kwa sababu pale begi lake haliruhusiwi kukaa miguuni wakati wa kuruka na kutua, na kila anachokitaka kitakuwa juu kabatini. Vyooni jihadhari na mashine za kukaushia mikono. Mtoto wa kaka yangu alivumilia uwanja mzima, kikamshinda choo, kwa sababu mtu mwengine aliweka mikono chini ya mashine ile ikanguruma ghafla. Tangu hapo tunakwenda na hedifoni masikioni na kitambaa chetu cha kufutia.

Akipandisha pamoja na yote hayo, usimvute kuelekea mbele. Mtoe pembeni, kaa naye chini, mpe uzito wa mwili wako kama unavyofanya nyumbani, na mtume yule mfanyakazi akaseme langoni kwamba mpo. Rubani ana haki ya kumkataa abiria anayeona si salama kuruka, na anayeingia akiwa bado analia ana hatari hiyo kuliko aliyechelewa dakika kumi akiwa ametulia. Ndiyo maana nataka mfike mapema.

Ile dawa ya mafua mrudishie jirani yako kwa heshima. Dawa hizo zinazolewesha usingizi huwageuka baadhi ya watoto, badala ya kulala wakachangamka na kuwa na hasira, nawe umefungwa naye kwa saa tano na zaidi hewani. Kama daktari wake anaona anahitaji kitu cha kumtuliza, aandike yeye, na kijaribiwe nyumbani kwanza. Na kama mtoto anatumia dawa ya kumsaidia umakini, niandikie kabla hujafunga begi: baadhi yake Dubai ni dawa zinazodhibitiwa, na kibali cha serikali ya kule huombwa kabla ya kusafiri.

Mmoja wa mwisho ni baba yake. Mtu anayepokea abiria hukaa nje, baada ya uhamiaji na mizigo, na mtoto anayeambiwa "tunakwenda kwa baba" atamtafuta tangu mlango wa ndege unapofunguliwa. Kwenye picha unazomuonesha, baba awe picha ya mwisho kabisa, baada ya picha ya mkanda wa mizigo. Na huyo baba, wakati anawasubiri huko, ndiye ashughulikie `DPNA` ya kurudi. Safari ya Dubai kuja Unguja ina mstari wake kwenye tiketi, naye aone `HK` kwa macho yake.